Kabla Hujafungua Kasha la Kompyuta

Kompyuta ya mezani inawaka, feni inazunguka, lakini skrini ni nyeusi na kutoka ndani ya kasha unasikia mlio unaojirudia. Umekagua waya wa skrini, umejaribu skrini nyingine, hali ni ileile. Sasa umeshika bisibisi. Mwongozo huu ni wa muda ule mfupi kati ya kushika bisibisi na kugusa kipande cha kwanza ndani ya kasha. Mwishoni tutafanya kazi moja hadi ikamilike: kutoa RAM, kuisafisha na kuirudisha. Nimeichagua kwa sababu ndiyo kazi ambayo anayeanza hukutana nayo mapema zaidi, na ndiyo inayomlazimu ashike chipu kwa vidole vyake mwenyewe.

Umeme usiouhisi

Umekaa kwenye kiti cha plastiki, umevaa shati la poliesta, ni mchana wa Septemba pale Dodoma na hewa ni kavu. Ukiinuka, nguo na plastiki zinaachana, na katika kuachana huko upande mmoja unabaki na elektroni zaidi ya mwingine. Huo ndio umeme tuli. Mwili wako unaweza kubeba maelfu ya volti na usijue, mpaka uguse kitasa cha mlango na kuhisi kichomo kidogo kwenye ncha ya kidole.

Kichomo hicho huanza kuhisiwa volti zikifika kama 3000. Zikiwa chini ya hapo, chaji hukutoka kimya kimya: husikii sauti, huoni cheche, huhisi chochote. Haikudhuru wewe kwa sababu nishati yake ni ndogo mno, haifiki hata nusu ya elfu moja ya juli. Lakini ndani ya chipu kuna tabaka za kuhami zenye unene wa nanomita chache tu, na volti hizo zikitua hapo kwa mkupuo hutoboa tundu ambalo halizibiki.

Watengenezaji wa chipu hulipima jambo hili kwa njia inayoiga mwili wa mtu. Huchukua kapasita ya pikofaradi 100, huichaji, kisha huimwaga kwenye chipu kupitia rezista ya omu 1500. Chipu nyingi hubuniwa zistahimili volti 1000 hadi 2000 katika kipimo hicho. Ilinganishe na zile 3000 ambazo ndipo wewe unaanza kuhisi kitu, utaona kwamba kidole chako si kipimo cha kutegemewa. Unaweza kuiharibu RAM na usihisi lolote.

Uharibifu wenyewe huja kwa sura mbili. Kuna chipu inayokufa papo hapo, na kuna inayojeruhiwa tu: leo inafanya kazi, baada ya wiki kadhaa kompyuta inaanza kuganda au kujizima na kujiwasha bila sababu inayoeleweka. Hii ya pili ndiyo inayosumbua mafundi, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuithibitisha mezani. Ili kuona lile tundu unahitaji hadubini ya maabara. Kwa hiyo usikubali haraka mtu akikuambia "hii iliungua kwa umeme tuli". Katika kompyuta zilizotumika, vumbi na miguso iliyochafuka huleta matatizo mengi kuliko umeme tuli. Tunajikinga nao kwa sababu kinga yake ni rahisi, na kwa sababu ukishaharibu hujui hata kama umeharibu.

Hali ya hewa ina uzito wake. Takwimu zinazotumika sana katika mafunzo ya viwandani zinaeleza kwamba mtu akitembea juu ya zulia penye unyevu wa asilimia 10 hadi 20, mwili wake unaweza kufika volti 35,000. Penye unyevu wa asilimia 65 hadi 90, hufika kama 1500. Ndiyo maana fundi wa Mombasa au Tanga anaweza kufanya kazi miaka mingi kwa mikono mitupu na akaapa kwamba hakuna kitu kinachoitwa umeme tuli. Hata hivyo, angalia ile 1500 vizuri: bado imo ndani ya eneo la hatari. Na ofisi yenye kiyoyozi hukausha hewa hata kama bahari iko mita mia moja tu kutoka dirishani.

Kinachoharibu ni tofauti

Jambo hili likikukaa vizuri, mengine yote yatajieleza yenyewe. Chaji peke yake haiharibu chipu. Kinachoharibu ni tofauti ya volti kati ya vitu viwili wakati vinapogusana. Fikiria matangi mawili ya maji, moja limejaa na lingine nusu. Ukiyaunganisha ghafla kwa bomba pana, maji yatakimbia kwa nguvu. Ukiyaunganisha kwa mpira mwembamba yatasawazika polepole, na yakishasawazika hakuna kinachotiririka tena.

Kazi yako, basi, ni kujisawazisha na kasha la kompyuta kabla ya kugusa kilichomo, na kubaki umesawazika muda wote. Si lazima uunganishwe na ardhi. Wewe, kasha na kipande unachokishika mkiwa na volti moja, hakuna umeme utakaopita kwa kishindo.

Njia bora ni mkanda wa mkononi wa kuzuia umeme tuli. Ni mkanda unaovaliwa kama saa, wenye kipande cha chuma kinachogusa ngozi, waya mrefu uliojikunja, na kibanio cha meno upande wa pili. Ndani ya waya huo kuna rezista ya megaomu 1, ambayo ndiyo ule mpira mwembamba wa maji: inaruhusu chaji itoke taratibu. Inakulinda na wewe pia. Ikitokea kibanio kimegusa umeme wa ukutani wa volti 240, mkondo utakaopita mwilini mwako ni kama robo ya miliampea, ambao watu wengi hata hawauhisi. Kwa sababu hiyo usijitengenezee mkanda kwa waya mtupu. Waya mtupu utaisawazisha chaji, lakini siku ukikutana na umeme halisi utakuunganisha nao moja kwa moja.

Mkanda uupime kabla ya kuuamini. Weka multimita yako kwenye omu, kipimo cha megaomu 2 kama yako si ya kujichagulia, kisha gusisha ncha moja kwenye chuma cha mkanda na nyingine kwenye kibanio. Usomaji unapaswa kuwa karibu na megaomu 1. Ikionyesha kwamba hakuna njia, waya umekatika ndani na mkanda huo ni pambo. Ikionyesha karibu na sifuri, hakuna rezista, na mkanda huo usiuvae. Ile mikanda isiyo na waya kabisa usiinunue, kwa sababu chaji haina njia ya kutokea.

Vaa mkanda juu ya ngozi, si juu ya mkono wa shati, na uukaze kiasi cha kutocheza. Kibanio kibane chuma kisicho na rangi. Hapa wengi hukosea, maana kasha limepakwa rangi na rangi haipitishi umeme. Tafuta ukingo wa bati la nyuma, pale zinapoingia kadi, au kichwa cha skrubu ya pawa saplai.

Kama huna mkanda, kazi inawezekana. Gusa chuma kitupu cha kasha kwa mkono mzima kabla ya kuingiza mkono ndani, kisha acha kiganja au mkono wako wa chini uegemee kwenye chuma hicho unapofanya kazi. Kila unapoinuka, unapokwenda kuchukua kitu au unapojisogeza kwenye kiti, gusa tena. Kaa kwenye kigoda au kiti cha mbao badala ya cha plastiki, vaa pamba, na ondoa miguu kwenye zulia. Sakafu ya saruji ni rafiki yako.

Plagi: ichomoe

Utakutana na ushauri wa zamani kwamba kompyuta iachwe kwenye soketi, swichi ikiwa imezimwa, ili kasha liunganishwe na ardhi kupitia waya wa ethi. Kwa maandishi ushauri huo una mantiki. Kwa nyumba nyingi tunazoishi, siukubali.

Kwanza, ethi mara nyingi haipo. Soketi ina matundu matatu, lakini nyuma yake waya wa ethi haukuunganishwa, au ekstensheni uliyonunua ina waya mbili tu ndani. Dalili yake wengi wanaifahamu bila kujua maana yake: unapitisha mgongo wa kidole kwenye bati la kompyuta iliyochomekwa na unahisi mtekenyo kama wa kitu kinachotetemeka. Huo si umeme tuli. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita ndogo za kuchuja makelele ya umeme, na kazi yake ni kumwaga kiasi kidogo kwenye ethi. Ethi ikikosekana, bati la kasha hubaki na karibu nusu ya umeme wa ukutani. Ukiuhisi mtekenyo huo, mwite fundi umeme aangalie soketi, na usifungue kompyuta hiyo ikiwa imechomekwa.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Kompyuta ya mezani iliyozimwa kwa kitufe chake haijazimika kabisa. Pawa saplai inaendelea kupeleka volti 5 kwenye ubao mama ili kitufe kiweze kuiamsha. Mbao nyingi zina taa ndogo inayobaki ikiwaka kuonyesha hivyo. Ukichomoa RAM taa hiyo ikiwa inawaka, unaweza kuiua hata kama mwili wako hauna chembe ya chaji.

Kwa hiyo chomoa waya wa umeme, kisha chomoa vyote vilivyobaki: skrini, mtandao, printa, spika. Ukimaliza, bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie kama sekunde 10. Wakati mwingine utaona feni ikijitingisha robo mzunguko na ile taa ikififia. Ni chaji iliyobaki kwenye kapasita za ubao inaisha. Kwa laptopu hili halitoshi, kwa kuwa betri bado imo. Kitu cha kwanza kuchomoa baada ya kufungua kifuniko cha laptopu ni plagi ya betri.

Pawa saplai yenyewe usiifungue. Ndani yake kuna kapasita inayochajiwa zaidi ya volti 300 na inaweza kubaki hivyo baada ya kuchomolewa. Mkanda wa mkononi haukusaidii hapo.

Vifaa vya kuanzia

Havihitaji sanduku kubwa. Bisibisi ya nyota namba 2 hufungua karibu skrubu zote za kasha la mezani; kwa laptopu utahitaji namba 1 na 0. Ukubwa sahihi una maana, kwa sababu bisibisi ndogo kuliko skrubu huzunguka ndani ya kichwa na kukila, na skrubu iliyolika hugeuza kazi ya dakika tano kuwa ya mchana mzima. Ncha yenye sumaku haina tatizo kwa kompyuta, na inaokoa skrubu zisidondoke chini ya ubao.

Multimita ya bei nafuu inatosha. Mbali na kupima mkanda, itakupimia betri ya mviringo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama, inayopaswa kuwa karibu na volti 3. Ongeza kurunzi ya kuvaa kichwani, simu ya kupiga picha kila hatua kabla ya kuchomoa kitu, na trei ya mayai ya karatasi: kila tundu skrubu za sehemu moja, kwa mpangilio uliozitoa.

Kwa vumbi, tafuta brashi ya manyoya ya asili, ile ya kupakia rangi, mpya na kavu. Brashi ya nailoni hujichaji inaposuguliwa. Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani iache, kwani vumbi linalokimbia kwenye bomba lake la plastiki huzalisha chaji kwa wingi. Ukitumia kipulizio, zuia feni kwa kidole isizunguke, ili isijigeuze jenereta au kuharibu beringi zake.

Kwa kusafisha miguso, nunua alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 99, au angalau 90. Ile ya asilimia 70 inayouzwa duka la dawa ina maji mengi. Vitakasa mikono usivitumie, vina gliserini inayobaki kwenye dhahabu ya miguso.

Na mifuko. Kipande kipya huja kwenye mfuko wa rangi ya fedha au wa waridi, na vijana wengi huitupa hapo hapo. Itunze. Mfuko wa waridi hauzalishi chaji lakini hauzuii ya nje. Wa fedha una tabaka la metali linalokinga kilichomo. Kinga hiyo iko ndani tu, mfuko ukiwa umefungwa. Kuweka ubao juu ya mfuko si kinga, na kuuwasha ukiwa juu yake ni hatari, kwa sababu uso wa mfuko unaweza kupitisha umeme. Kama huna mfuko, weka kipande juu ya karatasi kavu kwenye meza ya mbao. Kamwe usikiweke juu ya sponji nyeupe ya kwenye maboksi ya televisheni wala kwenye mfuko wa nailoni.

RAM mkononi

Sasa irudie ile kompyuta inayolia. Mpangilio wa milio hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo tafuta maana yake kwenye mwongozo wa modeli yako. Katika mbao nyingi, mlio unaojirudia bila picha huelekeza kwenye RAM.

Umeshachomoa kila waya na kumaliza chaji kwa kitufe. Laza kasha kwa ubavu, ubao mama ukitazama juu. Fungua skrubu mbili za nyuma na uvute bati la ubavuni kuelekea nyuma. Gusa chuma kitupu, vaa mkanda, bana kibanio. Hakikisha taa ya ubao imezimika. Piga picha.

RAM ni vile vibao vyembamba vilivyosimama karibu na feni ya prosesa. Kila kimoja kimeshikwa na kibano kila mwisho. Kwenye mbao nyingine ni upande mmoja tu. Sukuma kibano nje na kibao kitainuka chenyewe kidogo. Kishike kwa kingo mbili fupi, kama ushikavyo picha iliyochapishwa ambayo hutaki iachwe na alama za vidole. Usiguse ile safu ya dhahabu chini wala chipu nyeusi usoni. Kama kuna mtu anakusaidia na unataka kumpa kibao, mpe mkono kwanza, kisha kibao. Mkigusana ngozi kwa ngozi mnasawazika ninyi wawili, na kibao hakiwi daraja la kupitishia chaji kati yenu.

Kipeleke kwenye kurunzi. Miguso yenye afya inang'aa sawasawa. Yenye shida ina ukungu, doa la kijani au alama ya kidole cha mtu wa zamani. Lowesha kidogo kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi kwa alkoholi, futa kuelekea upande mmoja, kutoka juu kwenda ukingoni, kisha acha kibao kikauke dakika moja. Mafundi wengi hutumia raba ya kufutia penseli. Huwa inafanya kazi, lakini mimi siipendi: msuguo wake huzalisha chaji pale pale kwenye miguso, huacha chenga, na hukwangua dhahabu ambayo ni nyembamba sana. Tundu la RAM lenyewe lipige brashi kavu tu.

Rudisha kibao kimoja peke yake, kwenye tundu ambalo mwongozo wa ubao unalitaja la kwanza. Pengo dogo lililo chini ya kibao lazima lilingane na kizuizi kilicho kwenye tundu. Lisipolingana, umekigeuza, au ni aina nyingine ya RAM isiyoingiliana na ubao huo. Bonyeza ncha zote mbili kwa dole gumba mpaka usikie kibano kikifunga. Inahitaji nguvu zaidi ya unavyodhani, na RAM ambayo haikuzama mpaka mwisho huleta mlio uleule uliokuwa unautafutia dawa.

Ondoa kibanio na uvue mkanda kabla ya kurudisha umeme, kila mara bila kusahau. Mkanda ni wa kompyuta iliyochomolewa. Chomeka skrini na umeme, washa, na usiingize mkono ndani. Ipe muda, kwa sababu kompyuta iliyobadilishiwa RAM inaweza kukaa kimya karibu dakika nzima ikijipima kabla ya kuonyesha picha.

Picha ikitokea, usifunge kasha bado. Kama inatumia Windows, fungua sehemu ya kuandika amri, andika hii, kisha kubali ijiwashe upya:

```
mdsched.exe
```

Kipimo kinachukua muda na matokeo hutokea baada ya kuingia tena. Kikipita salama, zima, chomoa, maliza chaji kwa kitufe, vaa mkanda, rudisha kibao cha pili, kisha upime tena. Kikileta makosa, hamishia kibao hichohicho tundu lingine. Makosa yakikifuata huko, kibao ndicho kibovu na unanunua kingine cha aina ileile. Makosa yakibaki kwenye tundu la awali hata ukiweka kibao kizima, shida iko kwenye ubao mama au prosesa, na hapo ndipo unafunga kasha na kuipeleka kwa fundi, ukimwonyesha picha zako na kumweleza ni kibao kipi ulijaribu wapi.